Tangawizi inatuliza kichefuchefu, haipimi malaria

Wadau, huku kwetu Shinyanga mjamzito akianza kutapika asubuhi, bibi anatwanga tangawizi kabla mtu hajauliza. Wasomi tunacheka, tunaita imani za kizee. Mimi nimekaa nikasoma tafiti, na kwa kweli bibi ana hoja.

Ule ukali unaouma ulimi ni wa kemikali ziitwazo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu yake hugeuka kuwa shogaoli, ambazo ni kali zaidi. Sasa, utumbo ukichokozwa hutoa serotonini. Hiyo hugusa vipokezi kwenye mishipa ya fahamu, na taarifa hupanda ubongoni: tapika! Maabara zimeonyesha kwamba jinjeroli na shogaoli huvibana vipokezi hivyo. Dawa ya hospitali iitwayo ondansetroni inapiga palepale, ila kwa nguvu kubwa zaidi.

Na kwa binadamu je? Mwaka 2001, huko Chiang Mai, Thailandi, wajawazito 70 waligawanywa makundi mawili. Moja lilipewa gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, ikigawanywa mara nne, kwa siku nne. Jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa. Waliorudi kutoa majibu, kundi la tangawizi 28 kati ya 32 walipata nafuu. Kundi la pili ni 10 kati ya 35.

Msishangilie mapema lakini. Mapitio ya mwaka 2014 yaliunganisha majaribio 12 ya wanawake karibu 1,300. Kichefuchefu kilipungua, ila idadi ya kutapika haikupungua kwa namna ya kuaminika. Yaani unajisikia afadhali, lakini ndoo bado iko karibu. Tena gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai cha unga. Chai ya kijiweni haina kipimo, na ukizidisha unapata kiungulia.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Dada yangu yuko Katoro, Geita, mimba changa. Alikunywa tangawizi wiki nzima, kichefuchefu kikatulia kidogo. Siku ya nane mwili ukachemka na viungo vikauma. Mama mkwe akasema ongeza tangawizi. Shemeji akakataa, akampakia bodaboda hadi zahanati. Akachomwa kidole: malaria. Geita ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na kwa mjamzito malaria ni hatari kwake na kwa mtoto. Jinjeroli haina habari na vimelea.

Kwa hiyo wadau, kama ni kichefuchefu cha asubuhi tu, chemsha tangawizi yako. Ila ukiona homa, tumbo linauma, maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au kizunguzungu ukisimama, weka kikombe chini. Nenda kapime siku hiyohiyo.