Wikendi Ilipohama Dubai

Desemba 2021 serikali ya Falme za Kiarabu ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2022 mapumziko yake ya wiki yatahama kutoka Ijumaa na Jumamosi kwenda Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa itakuwa nusu siku. Kampuni niliyofanyia kazi hapa Dubai ilifuata kalenda hiyo. Kazi yetu ilikuwa kuwapelekea wenye maduka fedha ambazo wateja wao wamelipa kwa kadi, na siku ya kuzipata ilihesabiwa kwa siku za kazi.

Msimbo tuliubadilisha mapema. Ukurasa wa ratiba ya malipo nao ukaandikwa upya, ukapitiwa, ukaunganishwa kwenye tawi la `main`. Lakini Jumapili ya tarehe 2 Januari simu za wenye maduka hazikukatika: tovuti yetu bado iliwaambia Jumapili ni siku ya malipo.

Miaka ya nyuma maelezo yetu yalikuwa faili la PDF lililotumwa kwa barua pepe, na kila duka lilibaki na toleo lake. Kuyahamishia kwenye folda ya `docs`, pamoja na msimbo, yakijengwa kwa MkDocs, kulitupa nakala moja tu ya kuaminiwa. Kilichosalia ni hatua ya mwisho. Mwenzetu mmoja ndiye aliyechapisha tovuti, kutoka kompyuta yake, na wiki ile alikuwa likizo kwao Mombasa.

Mwezi huohuo tukaikabidhi hatua hiyo kwa GitHub Actions. Kila badiliko likiunganishwa kwenye `main`, mashine huchukua msimbo, hujenga kurasa na kuzichapisha:

```
mkdocs gh-deploy --force --strict
```

Neno `--strict` lina uzito wake. Bila hilo, kiungo kinachoelekeza kwenye ukurasa uliofutwa huleta onyo tu, na tovuti huchapishwa nacho. Likiwepo, ujenzi husimama. Ndiyo maana tuliweka pia `mkdocs build --strict` kwenye kila ombi la kuunganisha, ili kosa lionekane kabla halijaingia `main`. Likishaingia, ujenzi hukwama na tovuti hubaki na maelezo ya jana pasipo msomaji kujua.

Viungo vya tovuti za watu wengine ujenzi huo hauvikagui. Wala haujui kama maneno ni ya kweli: ukurasa unaoitaja Jumapili kuwa siku ya kazi ungepita bila onyo lolote. Kwa hiyo jedwali la siku za malipo tuliacha kuliandika kwa mkono. Hati ndogo ya Python husoma faili lilelile la kalenda linalosomwa na mfumo wa malipo, kisha huandika jedwali kabla MkDocs haijaanza. Anayebadilisha siku ya malipo leo hugusa faili hilo moja, na badiliko likiunganishwa, wenye maduka hulisoma baada ya dakika chache.