Kunguru wa Vijana Si Kunguru wa Wazee



Wapenzi wasomaji, sisi tunaosomesha madrasa hapa Kakamega, mbali na bahari, huletewa mashitaka ya matusi ya vijana karibu kila wiki. Katika mashitaka hayo tumeliona jambo moja likijirudia: neno linalomkasirisha mzazi aghalabu silo linalomliza mtoto. Mzazi huja juu kwa neno ambalo vijana wenyewe hawalihisi tena, kisha akalipita lenye sumu bila kusimama, kwa sababu kwake yeye ni neno safi la tangu utotoni.

Mwaka jana mashauri mawili yalitufikia katika wiki moja. La kwanza lililetwa na baba aliyewakuta wanawe wawili barazani baada ya Alasiri wakiitana "fala". Maana ya neno hilo ni mpumbavu, na baba alitaka watiwe adabu mbele ya wenzao. La pili lilikuja kimya kimya. Binti wa kidato cha pili alikuwa ameacha kuhudhuria darasa letu la Jumamosi, na mama yake akatueleza kwamba shuleni anaitwa "kunguru". Mama alikuwa amekwisha kulipeleka jambo hilo kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu, mtu mwema, alikumbuka methali ya kunguru mwoga anayeokoa bawa lake, akamshauri mama amfundishe mwanawe ujasiri, kwani wanamwita mwoga tu.

Wale vijana wawili tuliwauliza kila mmoja kwa faragha: nduguyo akikuita hivyo, husikia nini? Wote walijibu mamoja, kwamba hawasikii kitu. Mmoja huliita, mwenziwe hulirudisha, na mazungumzo huendelea. Neno limetumika mpaka makali yake yameisha, kama kisu cha jikoni kisichonolewa. Walitoka kwetu wakirudi nyumbani bega kwa bega. Hatusemi kwamba ni lugha nzuri, na tuliwaambia hivyo. Tunasema tu kwamba hapakuwa na aliyejeruhiwa.

Neno "kunguru", kwa upande wake, limesafiri safari ambayo mwalimu hakuifuata. Wazee tunao usemi mwingine, kwamba kunguru hafugiki: utamlisha, utamjengea tundu, na bado ataruka. Vijana waliuchukua usemi huo wakamwambia mwanamke asiyetulia na mume mmoja. Baadaye usemi ukakatwa, likabaki neno moja, na mwoga wa methali akasahauliwa kabisa. Kisha neno likapanuka, likawa la kumtupia msichana yeyote aliyeonekana akizungumza na mvulana. Binti yetu huyu alikuwa ameonekana kwenye stendi ya matatu akiongea na mtoto wa mjomba wake. Hilo lilitosha.

Kwa hiyo alipoitwa kunguru hakuambiwa mwoga. Aliambiwa mzinifu, na aliambiwa mbele ya watu. Waliosoma fiqhi watakumbuka kwamba wanavyuoni, wanapozungumzia kumsingizia mtu zinaa, hutofautisha tamko la wazi na kinaya, yaani neno lenye maana ya nje isiyo na ubaya lakini linaloweza kubeba shutuma ndani yake. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kinaya huangaliwa nia ya msemaji. Hapa ndipo mtu mzima anapoteleza. Yeye huangalia ndege. Vijana wanaangalia nia, na nia hiyo inajulikana na darasa zima isipokuwa mwalimu.

Tazameni pia jinsi mizani isivyokuwa sawa. Miaka kama kumi iliyopita vijana wa Kenya walizua jina "Timu Mafisi" kwa wanaume wanaofukuzia wanawake. Wavulana wengi hawakuona haya; walijiita mafisi wenyewe na kucheka. Fisi ni mnyama mwenye kuchukiza kuliko kunguru, na tabia inayotajwa ni ileile. Lakini mvulana aliitwa fisi akabaki na heshima yake, na msichana akiitwa kunguru hupoteza rafiki, huogopa kupita njia kuu, na mama yake huanza kuulizwa maswali msibani. Uzito wa neno haupimwi kwa mnyama aliyetajwa. Hupimwa kwa kile anachokipoteza aliyeitwa.

Kwa nini maneno haya hukimbia kiasi hiki? Sheng ni lugha ya vijana iliyokulia mitaa ya mashariki ya Nairobi, na sehemu ya kazi yake ni kuwaacha wazazi nje ya mazungumzo. Neno likisha kueleweka na mzazi na kutumiwa na mtangazaji wa redio, limekwisha kazi yake. Kijana hulitupa au huligeuza maana. Siku hizi husafiri kwa nyimbo na kwa video fupi za TikTok, likatoka Nairobi asubuhi na jioni likawa Kakamega, ambako huchanganywa na Kiluhya na kupata ladha nyingine. Ndiyo maana orodha ya maneno mabaya ambayo mzazi huibandika kichwani huwa imechakaa kabla hajaimaliza.

Hata serikali imeliona hilo. Mwezi wa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Ndani yake mlikuwa na "madoadoa", ambalo kwenye kamusi ni alama za rangi tu, lakini wengi wa Bonde la Ufa wanalikumbuka kama neno la kuwataja majirani wa kabila jingine wanaotakiwa kuondoka. Katika orodha hiyohiyo mlikuwa na "hatupangwingwi", neno la mzaha lililotokana na wimbo wa vijana, maana yake hatupangiwi mambo yetu, ambalo wanasiasa walikuwa wamelifanya kauli yao. Neno la kwanza lina damu nyuma yake. La pili lilileta ubishi mkubwa, kwa kuwa waliolipenda hawakuona chuki yoyote ndani yake. Mawili hayo katika karatasi moja yanaonyesha kwamba herufi za neno pekee haziwezi kutuambia lipi linaua.

Nanyi kina mama wa pwani mnalo funzo lenu karibu zaidi. "Shoga" kwenu ni sahibu wa mwanamke, mwandani wake wa siri na wa furaha. Huku bara neno hilo kwa vijana ni tusi zito la kumtupia mwanamume. Mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa huku alimwita jirani yake "shoga yangu" uani, na watoto wakaangua kicheko ambacho hakukielewa mpaka mwanawe alipomweleza. Na sisi wazee wa pwani tukumbuke "mshenzi". Wazee wetu walilitumia kwa watu wa bara kwa jumla, kana kwamba ni jina tu la watu wa mbali. Misafara ya pwani ilipofika Mumias na kupokewa na Nabongo Mumia katika karne ya 19, neno hilo lilikuwa mdomoni mwa wasafiri. Aliyelitamka huenda hakuhisi kitu. Mwenyeji wake alihisi. Basi tusidhani kutosikia uchungu wa neno ni ugonjwa wa vijana peke yao.

Kitabu chetu kitukufu kimetufundisha jambo hili zamani. Katika Suratul Baqara, aya ya 104, Waumini walikatazwa kumwambia Mtume (S.A.W.) "raa'inaa", wakaamrishwa kutumia neno jingine. Neno lile kwa asili lilikuwa jema, la kuomba kuangaliwa, lakini wapo waliolipinda ulimi likawa kejeli. Halikuachwa kwa sababu asili yake ni njema. Liliachwa kwa sababu ya kile lilichogeuzwa kuwa. Na kuhusu aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza kuitana kwa majina ya kuudhi, imepokewa kwamba iliteremka kwa ajili ya Bani Salama wa Madina. Kila mmoja wao alikuwa na majina mawili au matatu, na Mtume (S.A.W.) alipomwita mtu kwa mojawapo, waliokuwapo humwambia kwamba jina hilo humkasirisha mwenyewe. Tazameni aliyeulizwa habari za uchungu: ni mwenye jina.

Tulipomwita mvulana aliyeanzisha lile jina, hatukumuuliza maana yake, kwa kuwa angejibu kwamba ni ndege. Tulimwambia: mama yako yuko ukumbini, mweleze kwa sauti kwa nini ulimchagulia dada yako huyu jina hili na si jingine. Akainamisha kichwa, asiweze. Wale ndugu wawili tulikuwa tumewapa swali hilohilo, wakamweleza baba yao maana ya "fala" huku wakicheka, naye mwisho akacheka pia. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta. Mvulana aliomba radhi mbele ya wale waliomsikia, kwani heshima iliyovunjwa hadharani hairudishwi faraghani. Mama naye alirudi kwa mwalimu, safari hii na maana kamili, na mwalimu akalishughulikia darasani mwake. Binti alikaa wiki tatu zaidi nyumbani kabla hajarudi madrasa, na hata aliporudi alikaa karibu na mlango.

Jaribio hilo lina mipaka yake. "Fala" lilelile, likitoka kwa vijana kumi kila siku kumwendea mmoja mwenye kigugumizi asiyeweza kuwarudishia, hunolewa upya. Kwa hiyo hatuangalii neno peke yake. Tunauliza: aliyeitwa anaweza kulirudisha na wote wakacheka? Neno linagusa jambo awezalo kuliacha, au linagusa nasaba yake, mwili wake, sitara yake? Na tangu aanze kuitwa hivyo, amebadilisha nini: njia ya kurudi nyumbani, rafiki wa kukaa naye, siku za kwenda shule? Mzazi anayetaka kujua maana ya neno asimkabili mwanawe kwa hasira. Amuulize kwa utulivu nani huitwa hivyo, na nani hathubutu kuitwa. Katika jibu la pili mtasikia mengi.

Na binti akikwambia kwamba wanamwita jina la ndege, usimtajie methali. Muulize ndege huyo anafanya nini siku hizi.

Wabillahi tawfiq.