Miguu Inayosaidia Mapafu

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili hapa Kampala. Mwaka juzi niliugua kifua kikuu cha mapafu. Nilimeza dawa kwa miezi 6, na makohozi yalipopimwa mwishoni hayakuonekana kuwa na vijidudu. Nikaambiwa nimepona. Hata hivyo, nikipanda ngazi hadi darasani, ghorofa ya pili, nilihema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Katika insha hii nitaeleza kwa nini mtu aliyepona huweza kubaki katika hali hiyo, na jinsi nilivyorudishiwa nguvu kidogo kidogo.

Kifua kikuu kinaweza kuacha makovu katika mapafu, na makovu hayo hayafutwi na dawa wala mazoezi. Lakini kuhema kwangu kulikuwa na chanzo cha pili: miguu. Miezi ya kulala na kukosa hamu ya chakula ilikuwa imenyausha misuli ya mapaja. Msuli dhaifu huchoka mapema na kuanza kutoa asidi, na asidi ikizidi katika damu, mwili hulazimika kupumua zaidi ili kuipunguza. Kwa hiyo miguu yangu dhaifu iliyaongezea kazi mapafu ambayo tayari yalikuwa na upungufu. Mapafu hayakuweza kufanywa mapya, ila miguu iliweza kuimarishwa.

Mtaalamu wa mazoezi ya tiba, ambaye wagonjwa wote tulimwita musawo kama ilivyo desturi huku Uganda, alianza kwa kunipima. Nilitembea kwa dakika 6 katika ujia mrefu, kwa kasi niliyoweza, nikiruhusiwa kupumzika. Nilifika mita 330, yaani mita 55 kwa dakika. Akachukua asilimia 80 ya kasi hiyo, ikawa mita 44 kwa dakika. Uwanja wa bweni letu una urefu wa mita 22, basi hesabu ikawa nyepesi: kila upande nitembee kwa nusu dakika, na pande 20 zitimie kwa dakika 10.

Pia alinifundisha kuupa uhemaji namba, kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni kutohema kabisa, 3 ni kuhema kwa wastani, 5 ni kuhema sana, na 10 ni kushindwa kabisa. Nilitakiwa kubaki kati ya 3 na 4. "Mwanangu," aliniambia, "ukiweza kuimba, unatembea polepole mno. Ukishindwa kumaliza sentensi fupi, punguza." Nilifanya hivyo siku 3 hadi 5 kwa juma, nikiongeza dakika 2 kila juma ikiwa namba haikupanda, mpaka nikafika dakika 20. Mara mbili kwa juma niliketi na kusimama kutoka kitini mara 10, nikapumzika, nikarudia.

Kwenye ngazi, kazi kubwa ilikuwa kutoa pumzi. Anayehema haraka huvuta hewa mpya kabla ya kutoa ya zamani, hivyo kifua hujaa na kubana. Nilijifunza kuvuta pumzi kwa pua nikiwa nimesimama, kisha kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji, huku nikipanda vidato viwili. Nilipumzika kabla ya kuhema sana, bila kungoja nilazimike.

Siku niliyojisikia vizuri ndiyo iliyohitaji uangalifu zaidi. Mtu akitaka kulipia siku zote alizolala kwa kufua, kwenda sokoni na kutembea siku hiyohiyo, kesho yake huenda asiinuke. Dalili ya kuzidisha ni uchovu unaobaki hadi asubuhi ya pili, na dawa yake ni kurudi hatua moja nyuma. Lakini zipo dalili za kuacha mara moja na kwenda hospitali: kukohoa damu, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuhema kusikotulia baada ya mapumziko. Homa na kupungua uzito pia hutaka kupimwa upya, kwa sababu kifua kikuu huweza kurudi.

Baada ya juma la 8 nilipimwa tena. Nilitembea mita 385, yaani 55 zaidi. Kwa kawaida ongezeko la mita 30 huhesabiwa kuwa linaonekana katika maisha ya mgonjwa. Nilipopuliza katika kipimo cha mapafu, namba zilikuwa karibu zilezile za mwanzo. Musawo hakushangaa. Alinikumbusha tu kwamba msuli usiotumika hunyauka tena, na faida hii hupotea baada ya miezi michache mtu akiacha. Ndiyo maana bado nazunguka uwanja wa bweni siku 3 kwa juma, na siku za kipindi cha saa mbili asubuhi hutoka chumbani dakika 10 kabla ya wenzangu.