Beti Tatu za Karoli Lwanga

Makere, Kasulu

Mpwa wangu,

Wimbo wako wa Karoli Lwanga, somo wa parokia yenu, nimeupata, na nimeuimba huku nikipiga meza. Sauti yake ni nzuri, usiiguse. Maneno ndiyo yamezidi. Ubeti mmoja una Mukasa, Kabaka Mwanga, Kizito na Papa Paulo wa Sita aliyewatangaza mashahidi kuwa watakatifu mwaka 1964. Mwaka huo mwachie padre kwenye mahubiri.

Kila ubeti upe tukio moja. Wa kwanza uwe siku ya 15 Novemba 1885: Yosefu Mukasa ameuawa, na Karoli, atakayeshika nafasi yake ya kuwasimamia vijana wa ikulu, anakwenda kubatizwa siku hiyohiyo. Wa pili uwe Munyonyo, Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, Karoli anapowabatiza wenzake. Huo nimekujaribia:

Kabla ya kupambazuka
Alimwagia Kizito
Maji ya uzima mpya;
Kulipokucha, hukumu.

Hesabu mizani: nane kila mstari. Sikumwita Karoli shujaa wala jasiri, maana anayembatiza mtoto akijua asubuhi kuna kifo hahitaji sifa zangu.

Ubeti wa tatu urudie upya. Umeandika kwamba mashahidi wote 22 waliungua pamoja Namugongo. Kosa hilo nalisikia kila sikukuu. Mukasa alikuwa amekufa zaidi ya miezi sita kabla, na Matia Mulumba aliuawa Kampala. Karoli mwenyewe, tarehe 3 Juni 1886, alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Hiyo miguu iimbe. Mtu wa benchi la nyuma asiye na kitabu ataikumbuka. Tena lifute neno "Wakatoliki", kwa kuwa siku hiyo Namugongo Waanglikana pia walichomwa.

Kuna jambo la ngoma. Umeanza mstari kwa "Namugongo", na pigo zito linaangukia "Na". Ukiimba hivyo jina linavunjika, kwani sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Lipeleke mwisho wa mstari, pigo likutane na "go". Ukitaka kujua kama mstari umekaa, usome kwa sauti ya kawaida huku mwenzako akipiga ngoma. Ukijikuta unatamka neno kama mgeni, libadilishe neno, usibadilishe pigo.

Kiitikio kiwe ombi fupi tu: Karoli, utuombee. Ulipoandika "utusamehe dhambi" umempa kazi ya Mungu, na katekista wenu hatakunyamazia.

Nitumie ubeti wa tatu kabla hujaanza kuwafundisha besi, kwa sababu wakishaushika vibaya hutawatoa humo hadi Juni ipite.

Mjomba wako