Usiku Mmoja katika Chumba cha Mgeni

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Pemba kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alimtaka abaki mjini wiki moja baada ya upasuaji, ili jicho litazamwe tena kabla hajapanda boti. Kwangu alilala siku tatu tu. Asubuhi ya siku ya nne alifunga kifurushi chake, akasema moyo wake umemkumbuka mbuzi aliyemwacha kwa jirani, na hapakuwa na wa kumzuia. Jicho halikutazamwa.

Nilihuzunika, na nikiri kwamba nilikasirika pia. Chumba kile nilikuwa nimekihangaikia mwezi mzima. Nilinunua mapazia mazito, zulia, maua ya plastiki na shuka la kudarizi, nikapanga mito minne juu ya kitanda. Fedha iliyotoka ilikaribia shilingi 200,000, na kila jirani aliyechungulia mlangoni alisema mashallah. Mgeni gani huyu, nikajiuliza, anayekimbia chumba kama hiki?

Jibu lilikuja miezi miwili baadaye, kwa simu ya binti yake. Hakupiga kwa ajili hiyo. Tulikuwa tukizungumza habari za harusi, neno likamponyoka. "Dada, mama alipokuwa kwako alikuwa hanywi maji tangu Alasiri."

Nilimtaka anieleze. Choo chetu kiko ng'ambo ya sebule, na sebuleni walikuwa wakilala vijana wawili wa shemeji yangu. Swichi ya taa ya chumba iko kando ya mlango, mbali na kitanda. Mama mtu mzima, jicho moja limefungwa bandeji, angeamka gizani, apapase ukuta, ajifunge kanga vizuri, kisha apite katikati ya vijana wa kiume waliolala. Akaona njia nyepesi ni kutokunywa maji ili asishikwe na haja. Usiku wa kwanza hakujua kibla kiko wapi, akaona haya kuwagongea watu waliokwisha kulala, akakisia. Asubuhi alimuuliza mtoto wangu mdogo, na jawabu likamtia simanzi. Haya yote aliyavumilia chini ya mapazia yangu mazuri.

Alhamisi iliyofuata nilimwambia mume wangu kwamba usiku huo nitalala chumba cha mgeni. Akaniuliza amenikosea nini. Nikamweleza, naye akacheka, lakini akaniongezea sharti la maana: nisiingie na kitu chochote ambacho shangazi hakupewa. Basi niliingia na kifurushi cha nguo, nikafunga mlango.

Jambo la kwanza niliokutana nalo ni kwamba kifurushi changu hakikuwa na pa kukaa. Kabati lilijaa madaftari ya zamani ya watoto, uvungu wa kitanda ulijaa masanduku, na ukutani hapakuwa na hata msumari wa kutundikia baibui. Nguo zangu zikabaki sakafuni, kama za mtu anayesubiri basi. Mito minne nayo ilinibidi niishushe mitatu nipate kulala, nikawa sina pa kuiweka ila juu ya zulia.

Kisha chandarua. Kilikuwa kipya, lakini kilining'inizwa kwa kamba moja katikati, kikashuka kama mwavuli uliofungwa nusu. Nilipogeuka, mkono wangu uligusana nacho usiku kucha, na mbu hakuhitaji kuingia ndani. Alinyonya kupitia matundu. Alfajiri nilihesabu alama saba kwenye kiwiko kimoja. Na kulikuwa na harufu. Mlangoni huisikii, kwa kuwa mtu husimama hapo kwa dakika moja tu. Lakini ukilaza shavu juu ya godoro kwa saa moja, unyevu wa masika iliyopita unakujia puani wote.

Saa nane usiku nilitaka maji. Hapo sina haja ya kueleza zaidi.

Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja tandiko la mume, la mke, na la tatu la mgeni, kisha akatahadharisha juu ya linalozidi hapo. Nilikuwa nikiisikia tangu madrasa. Sikupata kufikiri kwamba la tatu nimelifanya pambo la kutazamwa na wenye nyumba.

Nilianza na godoro. Ni la sponji, na bibi yangu alituzoesha kuanika magodoro ya sufi juani mchana kutwa. Sponji si sufi. Jua kali likilipiga muda mrefu hubadilika rangi kuwa manjano, na baada ya muda huanza kumeguka kama mkate mkavu. Nililitoa nje asubuhi, nikalisimamisha kivulini penye upepo, upande mmoja saa mbili, upande wa pili saa mbili, nikarudia siku tatu. Kulikuwa na mfuko wa nailoni liliouziwa nao, nami nilikuwa nimeuacha kwa kulihifadhi. Kumbe ndio ulioufungia unyevu ndani, na ndio uliokuwa ukilia kila nilipogeuka. Niliutupa, nikashona kifuniko kwa shuka mbili kuukuu za pamba. Nilipokuwa hapo nilimulika tochi kwenye mishono, kwani kunguni huacha vidoa vidogo vyeusi kando ya uzi. Alhamdulillah, havikuwapo.

Baadhi yetu hudhani harufu hutibiwa kwa udi. Udi huifunika tu, nayo hurejea moshi ukipungua. Chumba kinapokuwa kimekwisha kuanikwa ndipo kifukizwe, tena mchana, madirisha yafunguliwe baadaye, na chetezo kitolewe nje. Makaa yanayowaka hayaachwi katika chumba kilichofungwa anamolala mtu, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Na kwa mgeni mwenye pumu, au mwenye jicho bichi kama la shangazi, udi usiingie kabisa. Nilipokumbuka kwamba usiku ule wa kwanza nilimfukizia chumba kwa dakika ishirini huku bandeji iko usoni, niliona aibu.

Chandarua tulikigawa kamba nne, msumari kila pembe, juu kiasi cha mtu mzima kukaa kitandani bila kukigusa kwa kichwa, na upindo wa chini ukachomekwa chini ya godoro pande zote. Misumari na kamba vilinigharimu shilingi 2,000. Misumari iliyobaki tuliipigilia kwenye ubao, tukaufunga nyuma ya mlango, ukawa pa kutundikia nguo. Madaftari ya watoto yaliondoka katika kabati, rafu mbili zikabaki tupu. Kigoda cha jikoni kilihamia kando ya kitanda, ili mgeni mzee aweke kifurushi chake bila kuinama.

Kibla kilitutaka kufikiri kidogo, ingawa kwa watu wa mwambao huu ni jambo jepesi. Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Kwa longitudo tofauti yetu na Makka haifiki digrii moja, na Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa ni hivyo hivyo. Mwezi wa Machi au Septemba, jua linapochomoza mashariki halisi, liweke begani kulia nawe umeelekea kibla. Kwa hiyo tulikigeuza kitanda, upande wa kichwa ukawa mashariki. Anayelala kwa ubavu wa kulia hapo huelekea kibla, na miguu haikunjuki kuelekea huko, jambo ambalo wazee wetu wa pwani hulichukia. Msala ukatandikwa tayari sakafuni, umeelekezwa, mgeni asiulize. Kwenye ukuta huo palikuwa na kalenda yenye sura ya mgombea mmoja akitabasamu, ilihamia jikoni.

Liligawanyika kwa shida suala la njia ya chooni. Nyumba haiongezeki kwa dua tu. Mume wangu alizungumza na vijana, wakakubali kwamba panapokuwa na mgeni wa kike watalala chumba cha wavulana wetu, chini, kwa mkeka. Kwa usiku ambao hilo halitawezekana, nilikata pazia moja kati ya yale ya fahari, nikalining'iniza kwa waya kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa choo. Si zuri, na mchana hukunjwa. Mlangoni pa choo ziliwekwa kandambili za mgeni peke yake, zisizoteleza, shilingi 3,000. Taa ya kuchaji ndogo, shilingi 7,000, ikakaa juu ya stuli mkono unapofika, kwani hata swichi ingekuwa karibu, umeme wetu unajulikana. Pembeni yake jagi la maji, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na bilauri. Jumla sikufikisha shilingi 15,000.

Shangazi alirudi mwaka uliopita kwa jicho la pili. Lile la kwanza, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, lilikuwa limepona salama, ingawa bila hadhari. Sikumweleza lolote kuhusu simu ya bintiye. Nilimwingiza chumbani kungali mchana, nikamwonyesha mambo matatu tu: taa inavyowashwa, komeo la ndani linavyofungwa, na pazia la njia. Nikamwambia kwamba saa yoyote ya usiku njia hiyo ni yake, hakuna atakayeikatiza. Akaligusa jagi, akauliza, "Haya ni ya kunywa au ya udhu?" Nikagundua nimesahau. Nikaleta kopo lenye mdomo na beseni kwa ajili ya udhu, ili akiamka usiku kuswali asilazimike kutoka.

Asubuhi nilipobisha hodi na kuingia, alikuwa juu ya msala na tasbihi, bandeji jichoni. Jagi lilikuwa limebaki maji ya vidole viwili.

Alikaa siku kumi na mbili, jicho likatazamwa mara mbili. Lalamiko alikuwa nalo moja, na alilisema siku ya pili bila kusitasita: mto ni mrefu mno, unamuuma shingo. Tulikaa barazani tukaufumua, tukapunguza sufi karibu nusu, akaushona mwenyewe kwa kupapasa, huku akinikosoa mshono wangu wa kifuniko cha godoro.