Ukishika Kalkuleta, Unamalizia na Nini?

Mwaka huu diskasheni yetu ya kalkulasi imekuwa na watu kumi na wawili, wengi wa mwaka wa kwanza, na wawili waliobeba sapu ya somo hilohilo. Tunakaa kwenye vimbweta hadi taa zizimwe. Baada ya wiki chache niligundua kitu: karibu wote wanazijua kanuni. Muulize mtu kanuni ya zao, atakutajia bila kupepesa: ya kwanza ukitafuta derivativu mara ya pili, jumlisha ya kwanza mara ya pili ukitafuta derivativu. Muulize kanuni ya mnyororo, atakwambia anza nje, kisha zidisha na derivativu ya ndani. Sasa mpe swali lisilosema litumie kanuni ipi. Hapo ndipo kimya kinapoingia, na marks zinapopotelea.

Tatizo ni kwamba tunaangalia sura ya swali. "Kuna mabano, basi mnyororo." "Vitu viwili vimegusana, basi zao." Kwa mtindo huo, sin(x²) na x² sin x zinaonekana ndugu, na kuna jamaa aliwahi kuniambia kwa kujiamini kabisa kwamba sin(x²) ni sin mara x². Hapana. Hapo sin peke yake haina thamani ya kuzidishwa na chochote. Ni kama mashine ya kusaga iliyozimwa, inasubiri uiingizie nafaka.

Ninachowaambia ni hiki: chukua swali, weka namba yoyote mahali pa x, halafu jifanye unalipiga kwenye kalkuleta hatua kwa hatua. Kitendo cha mwisho kabisa, kile kinachokupa jibu, ndicho kinachotaja kanuni ya kuanza nayo. Ukimaliza kwa kuzidisha vitu viwili vyenye x, anza na zao. Ukimaliza kwa kuingiza kitu kizima kwenye sin, kwenye ln au kwenye kipeo, anza na mnyororo. Ukimaliza kwa kujumlisha, usitafute kanuni yoyote kubwa: kila kipande kishughulikie kivyake, na ukifika kwenye kipande uliza swali lilelile upya.

Tuchukue hili ambalo limetuweka kimbwetani jioni nzima:

y = x²(3x + 1)⁵

Weka x = 1. Unapata 1 kwa 1², unapata 4 ndani ya mabano, unapandisha 4 kwa kipeo cha 5 unapata 1024, kisha unazidisha 1 na 1024. Umemaliza kwa kuzidisha. Kwa hiyo zao ndiyo inayoanza, japo macho yote yalikimbilia kile kipeo cha 5. Upande mmoja ni x², mwingine ni (3x + 1)⁵. Mnyororo unakuja baadaye, na unahusu upande wa pili tu.

Derivativu ya x² ni 2x. Derivativu ya (3x + 1)⁵ ni 5(3x + 1)⁴ mara 3. Hiyo 3 ndiyo inayosahauliwa kuliko kitu chochote kwenye karatasi nilizopitia. Ifikirie hivi: mabano yakiwa 4, kitu chenye kipeo cha 5 kinakua 1280 kwa kila uniti moja ya mabano. Lakini mabano yenyewe yanakwenda uniti 3 kwa kila uniti moja ya x. Kwa hiyo kwa x tunahesabu 1280 mara 3, yaani 3840. Ukiacha ile 3, umejibu swali la mabano na sio swali la x.

Tukiunganisha:

y′ = 2x(3x + 1)⁵ + 15x²(3x + 1)⁴

Pale x = 1 ni 2048 jumlisha 3840, yaani 5888.

Sasa utajuaje kama hujachemka? Kalkuleta unayo, itumie. Tafuta y kwenye x = 1.001, utapata kama 1029.90. Toa 1024, gawa kwa 0.001, unapata karibu 5902. Jibu letu ni 5888, jirani kabisa. Tofauti inatokana na kwamba hatua ya 0.001 bado sio sifuri. Aliyesahau ile 3 ana 3328. Aliyezidisha derivativu mbili moja kwa moja, 2x mara 15(3x + 1)⁴, ana 7680. Wote wawili wataona wenyewe kwamba wako mbali, bila kumsubiri TA. Dakika moja tu, na kwa mwenye sapu hiyo dakika ina thamani kubwa.

Huyo wa 7680 wala asichekwe. Leibniz mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kalkulasi, Novemba 1675 alijiuliza kwenye makaratasi yake kama derivativu ya zao ni zao la derivativu, kabla ya kuona kwamba haiwezekani. Chora kiwanja cha mstatili uone sababu. Refusha urefu kidogo na upana kidogo: eneo linaongezeka ukanda mmoja upande wa urefu na ukanda mwingine upande wa upana. Pale kwenye kona kuna kijisehemu kidogo ambacho ni nyongeza mara nyongeza. Anayezidisha derivativu mbili anahesabu kile cha kona na kutupa kanda zote mbili, wakati kona ndiyo inayofifia kadiri nyongeza zinavyopungua.

Haya, turudi kwenye swali letu, tuhamishe mabano tu:

y = (x²(3x + 1))⁵

Weka x = 1, utapata 1024 ileile. Lakini safari hii umezidisha mapema, na umemaliza kwa kipeo. Mnyororo unaanza: 5(x²(3x + 1))⁴, mara derivativu ya kilichomo ndani. Ndani kuna zao, ila binafsi nisingeitumia kanuni hapo. Fungua mabano, inakuwa 3x³ + x², na derivativu yake ni 9x² + 2x. Pale x = 1 ni 5 mara 256 mara 11, yaani 14080. Thamani moja, namba zilezile, mteremko zaidi ya mara mbili, kisa mabano yamesogea.

Kuna swali moja linaloikwepa njia hii kidogo: xˣ. Kitendo cha mwisho ni kipeo, lakini x iko chini na juu pia. Wiki iliyopita nusu ya kundi walifanya kama kipeo ni namba tuli wakapata x · xˣ⁻¹, yaani xˣ. Nusu nyingine wakafanya kama ya chini ndiyo tuli wakapata xˣ ln x. Wakabishana mpaka mlinzi akasogea. Njia salama ni kuiandika kama e kwa kipeo cha x ln x: kitendo cha mwisho sasa ni e, kwa hiyo mnyororo, na ndani kuna zao linalotoa ln x + 1. Jibu ni xˣ(ln x + 1), ambalo ukilifungua ni majibu ya makundi yote mawili yamejumlishwa.