Mshahara ukipunguzwa kwa muda, karatasi iseme nini?



Sisi walimu wa shule moja ya kibinafsi hapa Bukavu tuliombwa kukubali mshahara mdogo kwa miezi mitatu, kwa sababu wazazi wengi hawakuwa wamelipa minervali. Tulikuwa tunapokea dola 150 kwa mwezi, kwa masaa 24 ya kufundisha kwa juma. Promota alitaka kutupa dola 100. Alisema kwa mdomo tu: mvumilie, mambo yatarudi kama zamani.

Hatukukataa, maana shule ikifungwa sote tunapoteza. Lakini tuliomba karatasi, na tukamwuliza mambo matatu.

La kwanza: zile dola 50 ni deni, ama zimekatwa kabisa? Kama ni deni, miezi mitatu inafanya dola 150 kwa kila mwalimu, na karatasi iseme zitalipwa tarehe gani. Promota alijibu kwamba zimekatwa. Basi tukasema masaa nayo yapungue. Dola 100 ni sehemu mbili kwa tatu za 150. Kwa hiyo tutafundisha masaa 16, siyo 24. Aliandika hivyo, na wamama wengine wakapata nafasi ya kufanya biashara ndogo.

La pili: mwisho ni lini? Neno « kwa muda » peke yake halina mwisho. Tuliandika: tangu tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili, tarehe 1 Mei mshahara na masaa vinarudi vyenyewe, na kuongeza muda kunahitaji karatasi mpya yenye sahihi zetu. Mwezi wa Mei tulipewa tena dola 100. Tulimwonyesha mstari huo, na kabla ya katikati ya Juni akamaliza kulipa zilizobaki.

La tatu: mshahara wa mkataba ni upi? Mwenzetu mmoja alikuwa na mimba. Sheria ya kazi ya Kongo inampa mama majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, pamoja na sehemu mbili kwa tatu za mshahara. Ukihesabu juu ya 150, anapata dola 100 kwa mwezi. Ukihesabu juu ya 100, anapata karibu 67. Ndiyo maana tuliandika: « Mshahara wa mkataba unabaki dola 150, na kila haki itahesabiwa juu yake, hata mtu akiachishwa kazi. »

Karatasi iwe na kopi mbili zenye sahihi, moja ibaki nyumbani kwako. Mkubwa akikataa kuandika, mwandikie wewe barua yenye maneno mliyopatana, na sekretari atie tarehe na muhuri kwenye kopi yako. Akikataa hata hiyo, upeleke kopi kwa inspekta wa kazi kabla hujapokea mshahara wa kwanza uliopunguzwa.